Tarehe ya amana imepita: mpangaji aliyedai kwa adabu bila kulegeza dai

Mpangaji wa kisa hiki aliishi kwenye nyumba moja miaka 3, akalipa kodi kila mwezi kwa wakati, akatoa notisi kama mkataba ulivyotaka, na akakabidhi funguo tarehe 31 Januari. Mwenye nyumba ni mama wa makamo aliyekuwa akimwita "mwanangu" tangu siku ya kwanza. Hawakuwahi kugombana. Amana ilikuwa kodi ya miezi 2, na mama mwenyewe alisema ataituma tarehe 15 Februari. Tarehe hiyo ikapita kimya.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu hakina mtu mbaya ndani yake. Visa vya mwenye nyumba anayefunga simu na kutoweka ni rahisi kueleza, hata kama ni vigumu kuvimaliza. Kigumu zaidi ni kumdai mtu unayemheshimu, ambaye hajakataa kulipa, ila halipi. Wapangaji wengi hupoteza amana zao hapo hapo: mmoja huona haya, akanyamaza mpaka dai likapoa, mwingine hulipuka kwa maneno, na mazungumzo yakahama kutoka kwenye pesa hadi kwenye utovu wa adabu.

Tuanze na jambo alilolifanya kabla tatizo halijatokea, kwa kuwa ndilo lililobeba mengine yote. Siku ya makabidhiano walipita chumba kwa chumba. Mpangaji alipiga picha za kuta, sakafu, jiko, bafu, na namba zilizosomeka kwenye mita ya maji na ya umeme. Mama alitoa ahadi ya tarehe 15 kwa mdomo tu, wakiwa wamesimama mlangoni. Jioni ile mpangaji alimwandikia hivi:

"Shikamoo mama. Nashukuru kwa kunipokea leo. Naweka hapa kumbukumbu ya tulivyokubaliana: nimekukabidhi funguo zote 3, bili za maji na umeme zimelipwa hadi leo, na amana yangu ya kodi ya miezi 2 utanirudishia tarehe 15 Februari. Namba ya kupokelea ni hii hii ninayotumia."

Jibu lilikuwa fupi: "Marahaba mwanangu. Sawa, tarehe 15."

Maneno hayo machache yana uzito mkubwa. Mama amekubali kwamba funguo zimerudi, hivyo hakuna atakayesema baadaye kwamba nyumba ilikuwa bado mikononi mwa mpangaji. Amekubali kiasi. Amekubali tarehe. Na ameyakubali baada ya kuikagua nyumba kwa macho yake. Tangu dakika ile mpangaji haombi tena kurudishiwa amana, anafuatilia ahadi iliyokwisha kutolewa. Anayeomba hulazimika kueleza kwa nini anastahili. Anayefuatilia huuliza lini tu.

Sasa tarehe 15 imepita. Usiku ule ule mpangaji aliandika rasimu ya ujumbe, na bahati nzuri hakuutuma. Ulikuwa na malalamiko kuhusu bomba lililovuja mwaka wa kwanza na halikutengenezwa kwa wiki kadhaa, ulieleza shida za pesa alizo nazo kwenye makazi mapya, na ulimalizia kwa kusema kwamba kama hatalipwa kesho atakwenda kushtaki. Kila sehemu ingempunguzia nguvu kwa njia yake. Habari ya bomba ingemfungulia mama mlango wa kujibu kitu kingine badala ya amana, na kwa hakika angejibu hicho. Habari ya shida zake ingeligeuza deni kuwa msaada, kana kwamba mtu asiye na shida hastahili kurudishiwa pesa yake. Na tishio la kesho lingemlazimisha atekeleze kesho, jambo ambalo hakuwa tayari kulifanya. Tishio lisilotekelezwa humfundisha anayedaiwa kwamba tarehe za mpangaji nazo hupita bure.

Alisubiri siku 2 za kazi. Subira hiyo ina sababu: malipo hukwama benki, mtu husafiri, mtu husahau. Ukidai saa chache baada ya tarehe kupita, halafu ikaonekana kwamba pesa ilikuwa njiani, umeanza na deni la kuomba radhi. Lakini ukikaa wiki 3 bila neno, umeonyesha kwamba tarehe ile haikuwa na maana kwako pia. Asubuhi ya tarehe 17, saa za kazi, akatuma huu:

"Shikamoo mama, natumaini hujambo na wote nyumbani. Nakukumbusha kuhusu amana yangu ya kodi ya miezi 2 uliyosema utanitumia tarehe 15. Hadi leo asubuhi sijaiona. Naomba unijulishe kama umeshatuma, au kama bado, ni siku gani utatuma. Ahsante."

Salamu ipo, na ni ya kweli, kwa sababu kuondoa salamu kwa mtu uliyemwamkia miaka 3 ni kumwambia kwamba tayari mmekuwa maadui. Lakini salamu ni sentensi moja. Baada yake kuna kiasi, kuna tarehe aliyoitaja mama mwenyewe, na kuna swali moja ambalo jibu lake ni la maneno mawili. Hakuna "samahani kwa usumbufu". Ningependa kila mpangaji aifute sentensi hiyo kwenye ujumbe wa kudai amana, kwani anayeomba radhi kwa kuidai pesa yake amekubali kwamba kudai ni kosa. Pia hakuandika "naomba unisaidie amana yangu". Mazoea ya lugha ya heshima hutuvuta kwenye "unisaidie", lakini kwa deni neno hilo halifai. "Naomba unitumie" ni adabu tosha.

Zingatia pia kwamba aliacha nafasi ya "kama umeshatuma". Hiyo humpa mama njia ya kujibu bila kuaibika. Mtu aliyechelewa na anayejua kwamba amechelewa hukwepa ujumbe unaomkabili na aibu yake. Ukimwachia njia, hujibu.

Mama alijibu mchana: "Mwanangu vumilia kidogo, mpangaji mpya bado hajaingia. Akiingia tu nakutumia."

Jibu hili linaeleza jambo ambalo wenye nyumba wengi hawalisemi waziwazi: amana haipo. Ilipokelewa miaka 3 iliyopita, ikaingia kwenye matumizi, na sasa inasubiri amana ya mtu mwingine ili ilipwe. Amana ni pesa ya mpangaji iliyoshikwa kama dhamana, na katika nchi kadhaa sheria hutaka itunzwe mbali na pesa za mwenye nyumba kwa sababu ya hali hii hasa. Mahali ambapo sharti hilo halipo, au lipo na halifuatwi, mwenye nyumba huwa anazungusha amana kutoka mpangaji hadi mpangaji, na chumba kikikaa kitupu mzunguko unakatika.

Inafaa kujua unashughulika na ucheleweshaji wa aina gani, maana kila aina ina dawa yake. Asiye na pesa hujibu, hutoa sababu, na hutaja wakati, hata kama wakati wenyewe unateleza. Anayetafuta cha kukata hataji tarehe kabisa, bali huanza kuuliza kuhusu hali ya nyumba: ule mlango ulikuwaje, ile rangi imekuwaje. Asiyekusudia kulipa hunyamaza, au husema "njoo tuonane tuzungumze" bila kusema siku. Mama huyu alikuwa wa kwanza, na wa kwanza hulipika, mradi umsaidie kupanga malipo, na usiruhusu deni lake lining'inizwe kwenye jambo lisilo na tarehe.

Hapo ndipo penye hatari ya jibu lake. Mpangaji akisema "sawa mama, nitasubiri", amekubali sharti jipya. Amana ambayo ilikuwa ya tarehe 15 sasa ni ya siku atakapopatikana mtu, na huenda mtu huyo akakaa miezi bila kupatikana. Kwa hiyo aliandika:

"Nimekuelewa mama, na natumaini utapata mpangaji mzuri mapema. Ila amana yangu tuliiwekea tarehe, haikutegemea mpangaji mpya. Kama kuitoa yote kwa mara moja ni vigumu sasa, niko tayari upokee nafuu ya kulipa mara mbili: nusu tarehe 28 Februari na nusu tarehe 15 Machi. Nijulishe kama tarehe hizi zinakufaa, au unitajie zako."

Sentensi ya kwanza inatambua shida bila kuibeba. Ya pili inakataa sharti bila ukali. Ya tatu ndiyo inayofanya kazi kubwa, kwa kuwa mtu aliyebanwa na pesa huona deni zima kama mlima na huahirisha hata kulitazama. Nusu yake yenye tarehe anaweza kuitafuta. Kuna watakaosema mpangaji hakupaswa kugawa haki yake. Kwa kanuni wako sahihi, na kama mama angekuwa na pesa nisingeshauri hivyo. Lakini nusu inayoingia mwisho wa mwezi ina faida mbili: ni pesa mkononi, na ni uthibitisho kwa vitendo kwamba deni linakubalika.

Mama alikaa siku 3 bila kujibu. Mpangaji hakutuma ujumbe mwingine juu ya ule. Ujumbe 4 kwa siku moja haulipishi haraka zaidi kuliko mmoja, unampa tu anayedaiwa sababu ya kusema anasumbuliwa. Siku ya nne alipiga simu. Mama akapokea, na katika maongezi akaleta jambo jipya: fundi amesema kuta zote zinahitaji rangi, na kioo cha dirisha la jikoni kina ufa, kwa hiyo "kuna vitu vya kukata".

Hapa kesi ingeweza kuharibika. Mpangaji alijibu kwa utulivu: "Sawa mama, naomba uniandikie ni vitu gani na gharama yake ni kiasi gani kila kimoja, nami nitavitazama." Baada ya simu akaandika muhtasari wa walichozungumza na kuutuma. Sauti ya simu haibaki popote, maandishi hubaki. Simu ni nzuri kwa kulainisha, lakini kila simu ifuatwe na mistari miwili ya kumbukumbu.

Makato yakaja kwa maandishi. Hapa hesabu ni muhimu kuliko sarafu, basi tuiite amana nzima 100. Mama alitaka kukata 30 kwa rangi na 5 kwa kioo.

Tuanze na kioo. Ufa ulitokea mpangaji akiishi humo. Dirisha lilijibamiza kwa upepo usiku ambao halikufungwa. Mama alikuwa amekagua nyumba bila kuutaja, na angeweza kujibiwa kwamba ahadi ya tarehe 15 ilikuwa ya amana yote. Mpangaji hakufanya hivyo. Aliandika: "Kioo cha jikoni ni kweli kilipata ufa nikiwa naishi, nakubali 5." Nadhani huu ulikuwa uamuzi bora kuliko yote aliyoyafanya. Ulikuwa wa haki, na pia uliipa nguvu sauti yake kwenye suala la rangi. Anayekataa kila kitu huonekana anakataa kwa mazoea. Anayekubali lililo kweli husikilizwa anapokataa lisilo kweli.

Rangi ni habari nyingine. Kanuni inayotumika karibu kila mahali penye sheria za upangaji hutenganisha uharibifu na uchakavu wa kawaida. Uharibifu ni kitu kilichovunjika au kuchafuliwa kwa uzembe au matumizi mabaya. Uchakavu wa kawaida ni kile ambacho kingetokea hata kama angeishi humo mtu mwangalifu kuliko wote: rangi kufifia kwa jua, sakafu kupauka kwenye njia ya kupita, kitasa kulegea. Mwenye nyumba amekwisha kulipwa kwa uchakavu huo kupitia kodi. Kuta zile zilipakwa rangi kabla mpangaji hajaingia, na miaka 3 ya watu kuishi lazima ionekane. Hata pale ambapo ukuta umeharibiwa kweli, hesabu ya haki haidai rangi mpya kabisa. Kama rangi ingedumu miaka 5 na 3 imekwisha kutumika, kilichopotea ni thamani ya miaka 2 iliyobaki, yaani sehemu 2 kati ya 5 za gharama, na kwa ukuta ulioharibika tu. Mwenye nyumba hapaswi kutoka kwenye upangaji akiwa na nyumba mpya kuliko aliyoitoa.

Mpangaji hakumsomea mama somo hili lote. Alimtumia picha za siku ya makabidhiano na kuandika: "Kuhusu rangi, picha hizi ni za siku tuliyokagua pamoja. Kuta hazina madoa wala michubuko, zimefifia tu kwa miaka 3 ya kawaida, na siku ile hatukuona tatizo. Kwa hiyo sikubali makato ya rangi. Kama kuna ukuta maalum ulioharibika, naomba picha yake na makadirio ya fundi. Kwa hesabu yangu, baada ya kutoa kioo, amana iliyobaki ni 95."

Tarehe 28 Februari zikaingia 50, zikifuatana na maneno ya mama: "Nimekutumia mwanangu, tumalizane."

Neno "tumalizane" ndilo la kuangaliwa. Huenda mama alimaanisha kwamba wanaelekea kumaliza. Huenda alimaanisha kwamba ndiyo mwisho. Ukipokea sehemu ya deni pamoja na maneno yanayosema au kuashiria kwamba deni limekwisha, halafu ukajibu "ahsante" tu, mwenzako anaweza kudai baadaye kwamba mlielewana hivyo, na kuna mahakama ambazo zingemsikiliza. Mpangaji alijibu siku ile ile: "Ahsante sana mama, nimepokea 50. Hii ni sehemu ya kwanza. Salio ni 45, na tulipanga tarehe 15 Machi." Shukrani kamili, na mlango haukufungwa.

Tarehe 15 Machi nayo ikapita. Mpangaji alituma ukumbusho mmoja baada ya siku 2, ukasomwa na haukujibiwa kwa wiki nzima. Hapo aliachana na ujumbe wa simu, akaandika barua. Kuna wanaoogopa barua kwa kuona kwamba ni kuvunja undugu. Mimi naiona kinyume. Barua ya madai iliyoandikwa vizuri humweleza mtu hali ilivyo na kumpa nafasi ya mwisho ya kumaliza bila wengine kuingia. Kumzungumzia kwa majirani au kumwanika hadharani ndiko kunakovunja undugu, tena mara nyingi humpa mdaiwa kesi yake mwenyewe dhidi yako.

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilianza kwa heshima, ikataja nyumba, tarehe ya mkataba na ya kukabidhi funguo, kisha ikapanga mambo kwa tarehe: ahadi ya kwanza, mpango wa kulipa mara mbili, 50 zilizopokelewa, 5 za kioo zilizokubaliwa, salio la 45. Iliambatanishwa na risiti ya kulipia amana siku ya kuingia, nakala za ujumbe, na picha. Aya ya mwisho ilisema hivi: "Naomba salio hili lilipwe ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Lisipolipwa katika muda huo, nitalazimika kulipeleka suala hili kwenye chombo kinachosikiliza migogoro ya upangaji. Ningependa sana tusifike huko, na bado niko tayari kuzungumza nawe wakati wowote." Siku 14 ni muda ambao mtu anaweza kutafuta pesa, na ambao msikilizaji wa mgogoro hatauona mfupi. Aliipeleka kwa mkono na kuomba aliyeipokea asaini nakala, kwa sababu barua isiyo na uthibitisho wa kupokelewa ni rahisi kukanwa.

Kabla ya kuandika alikuwa amehakikisha chombo hicho ni kipi mahali alipo, kinataka nyaraka gani, ada yake ikoje, na ukomo wa muda wa kufungua dai. Hilo ni sharti. Aliandika "nitalazimika" akijua kwamba ataweza.

Mama alipiga simu siku ya tisa. Alikuwa ameumia kidogo kwa barua, na alisema hivyo. Mpangaji alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba heshima yake iko palepale na kwamba alichoandika ni hesabu tu. Mama akataja kitu kimoja: matundu ya skrubu za rafu ukutani sebuleni, ambayo fundi aliyaziba kwa 4. Akatuma risiti na picha. Matundu yalikuwa ya mpangaji kweli. Rafu aliipachika yeye, akaondoka nayo, na hakuziba. Kuna watakaoyaita matundu madogo uchakavu wa kawaida, na kwa msumari wa picha ningekubaliana nao, lakini rafu ya skrubu 8 ni jambo la aliyeipachika. Alikubali 4.

Siku mbili baadaye zikaingia 41. Alijibu: "Mama nimepokea 41. Pamoja na 50 za awali, kioo 5 na matundu 4, amana yote 100 imekamilika. Sina dai lingine kuhusu nyumba. Naomba nawe uthibitishe kwamba huna dai kwangu." Mama akathibitisha jioni ile, na mpangaji akaihifadhi nakala ya ujumbe huo pamoja na mkataba wa zamani.